Nilivyojifunza kula na kupiga tizi nikiwa naingia shifti ya usiku

Nianze na Jumapili moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona aibu. Nilikua nimemaliza usiku wa sita mfululizo kiwandani, tunatengeneza chupa za plastiki, kiwanda kipo pembeni ya barabara ya Nyerere, natoka getini saa 12 asubuhi macho mekundu kama nimetoka kukata vitunguu. Sasa Jumapili asubuhi ndo siku ya jogging yetu ya mtaani, Tandika mpaka Uwanja wa Mkapa na kurudi, na mimi nilikua nimeshakosa wiki mbili na watu kwenye grupu wananitania kwamba nimekua mzee wa tumbo. Nikasema leo naenda hivihivi. Nikavulia buti kwa mshkaji anayeuza maji pale, nikavaa raba, nikaunga.

Nilikimbia vizuri tu, tena nikajiona mwanaume. Tulivyorudi nikapitiliza jimu ya uani nikapiga skwati seti tano, nikanywa supu ya ng'ombe na chapati tatu, nikalala saa 5 asubuhi. Nikaamka giza limeshaingia, saa 1 kasoro. Hapo nina masaa kumi na moja tu niripoti kazini maana Jumatatu naanza shifti ya asubuhi, na usingizi hamna hata wa kuazima. Nikageukageuka kitandani mpaka saa 9 usiku, nikaondoka kwenda kazini sijafumba jicho.

Saa 3 asubuhi mashine yangu ikaanza kutoa chupa zenye shingo iliyopinda. Mimi nimesimama mbele yake kabisa, macho yako wazi, naziona zinapita na wala sizioni. Kreti nzima zikaenda mpaka kwa wanaofunga ndo mtu akapiga kelele. Nikapewa barua ya onyo, na kusema kweli niliistahili, bora ilikua chupa na sio vidole.

Ngoja nirudi nyuma kidogo mjue nilifikaje hapo. Shifti zetu ziko tatu, asubuhi ni saa 12 mpaka saa 8 mchana, mchana ni saa 8 mpaka saa 4 usiku, na usiku ni saa 4 mpaka saa 12 asubuhi. Wiki moja kila shifti, siku sita, Jumapili kupumzika. Mzunguko unaenda mbele, asubuhi kisha mchana kisha usiku, na huo kwa mwili ni afadhali maana kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kujilazimisha kulala mapema. Tatizo ni pale unapotoka usiku kurudi asubuhi. Unatoka Jumapili saa 12 asubuhi, Jumatatu saa 12 asubuhi unatakiwa tena getini. Ni masaa 24 ya kugeuza mwili mzima, na mimi nilikua nayatumia kukimbia.

Upande wa chakula nilikua hovyo kuliko hata mazoezi. Nje ya geti letu kuna jamaa wa chipsi anakesha, na mapumziko yetu ni saa 7 usiku. Kila usiku chipsi mayai, soda, na saa 10 enaji moja ya kunishikilia. Jumla ilikua inanila kama 4,500 kwa usiku. Siku moja nikakaa na salari slipu nikapiga hesabu. Sheria ya kazi inasema ukifanya kazi usiku mwajiri akuongezee angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Msingi wangu wakati ule ulikua laki tatu, kwa mwezi tunahesabiwa masaa 195, kwaiyo saa moja ni kama 1,540, asilimia 5 yake ni 77, mara masaa nane inakuja shilingi 600 na kitu. Yaani serikali imenitetea nipate 600 kwa kukesha, mimi nampelekea jamaa wa chipsi 4,500. Nilicheka peke yangu.

Ila hela ilikua ndogo, kubwa ilikua mwili. Ndani ya mwaka nilipanda kutoka kilo 74 mpaka 82 na huku natoa jasho jimu. Halafu kiungulia, jamani kiungulia. Nikilala tu asubuhi naamka kitu kinachoma kifuani mpaka kooni, nikadhani moyo. Nikaenda hospitali, daktari akaniuliza swali moja tu, ukitoka kazini unakula nini na unalala saa ngapi. Nikamwambia supu, chapati, au wali na nyama, saa 1 asubuhi, saa 2 nimelala. Akaniambia tumbo likijaa ukalala chali asidi inapanda juu, mlo mkubwa unatakiwa uukalie masaa mawili matatu kabla hujajinyoosha, sasa wewe unaupa dakika arobaini. Akanipa dawa za wiki mbili na akaniambia zitaisha na kiungulia kitarudi kama sijabadilisha.

Na kilirudi.

Kilichonifungua macho ni Ramadhani. Wiki yangu ya usiku iliangukia kwenye mfungo, kwaiyo bila kupanga chochote nikawa nafuturu nyumbani saa 12 na nusu, uji, mihogo ya nazi, tende, baadae kidogo wali na samaki, naenda kazini nimeshiba. Saa 7 usiku wenzangu wakitoka kwenda kwenye chipsi mimi sina njaa, nabaki nakunywa maji. Saa 10 daku kidogo, uji na ndizi, basi. Asubuhi siwezi kula nimefunga, nafika nalala. Wiki ile nzima kiungulia hakikunigusa, na ile saa mbaya, wote mnaokesha mnaijua, kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri mwili unapopoa na kichwa kinakua kizito kama umebebeshwa gunia, ilikuja lakini ilikua nyepesi. Sikufunga kwa ajili ya hayo na siwaambii watu wageuze ibada kuwa dayati, ila nikajiuliza, kumbe shida haikua kula usiku tu, shida ilikua kula sana katikati ya usiku halafu tena asubuhi kabla ya kulala.

Nikamuuliza fundi mmoja wa boila, tunamwita Babu, amekula shifti miaka mingi na hana kitambi. Nikamwamkia, shikamoo Babu, marahaba mjukuu wangu, nikamweleza. Akasema, "Wewe unakula kwa saa ya ukutani. Ukiona saa 1 asubuhi unasema chai, ukiona saa 7 unasema mlo. Mimi siku yangu inaanza nikiamka. Nikiamka saa 8 mchana, hiyo ndo asubuhi yangu. Ila usiku wa manane hauwi mchana hata ukiubembeleza, tumbo linajua limelala." Baadae niliambiwa na nesi mmoja wa jogging kwamba Babu hajakosea, mwili unashughulikia sukari vibaya zaidi usiku kuliko mchana, chakula kilekile ukila saa 8 usiku sukari inapanda juu na inachelewa kushuka.

Basi nikachukua daftari la shule la mwanangu lililobaki nusu, nikaanza kupanga upya. Nitawapa wiki ya usiku maana ndo ngumu, hizo nyingine zinajipanga zenyewe.

Nikitoka kazini saa 12 navaa kofia na miwani ya jua ya Kariakoo, wenzangu wakanicheka eti sharobaro. Sababu ni kwamba jua la asubuhi likikupiga machoni mwili unaelewa kumekucha na usingizi unakimbia. Sipandi bodaboda tena asubuhi, napanda daladala, maana kuna siku nilisinzia nyuma ya boda chini ya flaiova ya Tazara, dereva ndo alinishtua na kiwiko, nilikua nimeshaanza kuegemea upande wa lori. Nikifika nyumbani saa 1 nakunywa bakuli moja la uji, au kipande cha mkate na yai, kitu cha kunizuia nisiamke na njaa saa 5. Saa 2 nimelala.

Hapo kwenye kulala ndo vita. Dar es Salaam, nyumba ya mabati, mwezi wa pili, saa 6 mchana chumbani ni tanuri. Nilichofanya ni kuhamisha kitanda upande wa ukuta usiopigwa na jua la mchana, nikatundika blanketi zito dirishani badala ya khanga, feni inapiga ndoo ya maji pembeni sijui inasaidia sijui najidanganya, na mama watoto akachukua simu yangu akaiweka kwake. Majirani niliwaendea mmoja mmoja, kuna kijana ana subufa, nikamwambia mdogo wangu mimi usiku wangu ni mchana, naomba mpaka saa 8 tu. Alielewa. Napata masaa sita siku nzuri, matano siku mbaya, manane sijawahi.

Nikiamka saa 8 mchana nakula, na huu ndo nauita kifungua kinywa hata kama ni ugali. Kawaida ni mayai au maharage, chapati moja, tunda, na chai ya kwanza. Halafu saa 11 jioni jua limelegea naenda jimu. Nimekaa macho masaa matatu, chakula kimeshuka, mwili umepata joto. Saa 12 namaliza, naoga, saa 1 usiku nakula mlo mkubwa wa siku: ugali au wali, samaki au dagaa, maharage, mboga za majani nyingi. Mlo huu unafuata tizi moja kwa moja kwaiyo misuli inapata chake, na unanifikisha mbali. Saa 2 na nusu naondoka.

Kazini nabeba kontena. Mayai mawili ya kuchemsha, kiazi kitamu kimoja cha ukubwa wa ngumi, ndizi mbivu moja, na karanga kiganja kimoja kwenye karatasi. Saa 7 nakula mayai na kiazi, saa 10 ikinibana nakula ndizi na karanga. Gharama yake haifiki hata nusu ya ile 4,500. Chai au kahawa mwisho saa 8 usiku, baada ya hapo maji tu, kwa sababu kahawa ya saa 10 nusu yake bado iko kwenye damu wakati unajaribu kulala. Zile enaji za saa 10 ndo zilikua zinaniamsha saa 5 asubuhi na mimi namlaumu jirani.

Mazoezi sasa. Jimu yetu ni uani kwa mtu, vyuma tumetengeneza wenyewe, bomba na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Kopo la lita 4 linakuja kama kilo 9 na nusu, ndoo ya lita 10 kama kilo 24, tulizipima kwenye mzani wa muuza vyuma chakavu. Zamani nilikua na ratiba moja, siku nne kwa wiki, iwe shifti gani. Matokeo yake wiki ya usiku nakosa siku mbili, naona nimefeli, naacha kabisa mpaka mwezi ujao. Saivi sipangi kwa siku za wiki, napanga kwa shifti. Wiki ya asubuhi natizi jioni mara tatu. Wiki ya mchana natizi saa 3 asubuhi mara tatu, na hii ndo wiki yangu ya kuongeza uzito maana nalala vizuri kuliko zote. Wiki ya usiku ni mara mbili tu, Jumatano na Ijumaa, uzito uleule ila seti natoa kutoka tano hadi tatu. Nilidhani nguvu itashuka. Haikushuka. Skwati nilikua na zile ndoo mbili za lita 10 kwa mara nane, nikaendelea nazo wiki nzima ya usiku kwa seti pungufu, na wiki ya mchana iliyofuata nikaongeza makopo mawili ya lita 4.

Jumatatu ya kuingia usiku sipigi tizi. Naamka kawaida asubuhi, nashughulika, halafu saa 9 alasiri nalala lisaa limoja na nusu, hata usingizi usipokuja najilaza gizani. Usiku wa kwanza ndo wengi wanaumia maana wameamka toka saa 12 asubuhi na wanaingia kazini wamechoka tayari, ikifika alfajiri wana masaa 22 macho wazi.

Kipimo changu ni mapigo ya moyo. Nikiamka kabla sijashuka kitandani naweka vidole viwili shingoni nahesabu sekunde 30 nazidisha mara mbili. Kawaida yangu ni 62 mpaka 64. Ikiwa 72 na kuendelea, au nimelala chini ya masaa matano, siku hiyo natembea tu mpaka sokoni na kurudi. Kuna mara moja nilipuuza, ilikua 76, nikanyanyua, mgongo wa chini ukavuta, wiki mbili nikawa nainuka kwenye kiti kama bibi yangu. Sijapuuza tena.

Halafu ile Jumapili. Hii niliikosea mara tatu baada ya barua, kwa njia tofauti tofauti, mara nimelala mpaka jioni, mara sijalala kabisa nikasinzia saa 11 jioni nikaamka saa 5 usiku kavu. Iliyofanya kazi ni hii. Natoka saa 12, saa 1 na nusu niko kitandani nimekunywa uji kidogo, alamu inalia saa 5 asubuhi. Masaa matatu na nusu tu. Alamu inakaa kwa mama watoto na amri niliyompa ni aniamshe hata nikimtukana, na nimeshamtukana, akanimwagia maji. "Baba watoto uliniambia mwenyewe." Naamka nimevurugika kichwa, natoka nje juani bila kofia wala miwani, naosha nguo, napeleka watoto kwa bibi yao, mchana nakula na familia saa 8. Chai mwisho saa 8 hiyohiyo. Kunyanyua hamna, jogging hamna, jioni natembea nusu saa. Saa 12 na nusu chakula cha usiku, saa 3 nimelala, na usingizi unakuja wenyewe kwa sababu nina deni. Saa 10 naamka, nimepata masaa saba. Jumatatu nafanya kazi tu sitizi, Jumanne naanza mdogo mdogo.

Jogging ya Jumapili nilihamishia kwenye wiki mbili nyingine. Wenye grupu nikawaambia ukweli, Jumapili moja kila baada ya mbili msinitafute, na kumbe tulikua wanne wenye tatizo hilo, mlinzi mmoja, yule nesi na dereva wa lori la mizigo. Sote tulikua tunajikaza kimya kimya.

Nisiwadanganye kwamba mwili umezoea. Wiki moja haitoshi mwili kugeuka, unapoanza kuelewa elewa usiku ndo umeshafika Jumapili. Alhamisi saa 10 alfajiri bado nasimama naosha uso. Kilo nimeshuka 5 kwa miezi sita, tatu zimegoma. Na kama una kisukari au dawa unazokunywa kwa saa maalum usichukue masaa yangu ukayabandika kwako, nenda na ratiba ya shifti zako kwa daktari akupangie, jirani yangu mmoja wa kazini alihamisha chakula akasahau kwamba dawa yake ya sukari inafuata chakula, akatetemeka kwenye mstari tukamkalisha na kumpa soda.

Jamaa wa chipsi aliniuliza kama nimehamishwa. Nikamwambia nipo. Ijumaa usiku huwa napita kwake saa 7, nachukua kavu nusu na kachumbari nyingi, bila yai, bila soda, nakula nimesimama namsikiliza akilalamikia bei ya mafuta, kisha narudi kwenye mashine yangu kuangalia shingo za chupa.